Toleo la Kwanza Bovu

Tuseme programu ya kutoza bei dukani imefikia toleo la 100, na wateja wanalalamika kwamba jumla kwenye risiti hailingani na bei za bidhaa walizonunua. Toleo la 1 lilikuwa zima. Hitilafu iliingia mahali fulani hapo kati, na tangu iingie haijatoka. Mtengenezaji anataka kujua ni toleo gani hasa lililoileta, kwa sababu akishalijua, ataangalia mistari michache tu iliyobadilishwa siku ile badala ya kupekua programu nzima. Kulijaribu toleo moja ni kazi: ulisakinishe, uingize bidhaa, utoe risiti, uhesabu. Akianza na la 2, kisha la 3, kisha la 4, siku itakwisha.

Njia anayoitumia ni ile ile ya mtu anayetafuta neno kwenye kamusi: anaifungua katikati, anaona neno liko mbele au nyuma, anaiacha nusu isiyohusika. Ndiyo maana wengi hufundishwa kwamba utafutaji huu wa kugawa nusu unataka orodha iliyopangwa. Mimi naona maelezo hayo yanaficha jambo lenyewe. Kinachotakiwa hasa ni swali la ndiyo au hapana ambalo majibu yake, ukiyapanga kutoka mwanzo hadi mwisho, yatakuwa hapana, hapana, hapana, kisha ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kurudi nyuma. Mpaka ukiwa mmoja tu, unaweza kuufikia kwa kugawa nusu. Hapa swali letu ni hili: je, toleo hili ni bovu?

```
chini, juu = 1, 100
while chini < juu:
    kati = chini + (juu - chini) // 2
    if bovu(kati):
        juu = kati
    else:
        chini = kati + 1
print(chini)
```

Tuifuate hatua kwa hatua, tukichukulia kwamba hitilafu iliingia na toleo la 38, ingawa mtafutaji hajui. Anajaribu la 50: bovu. Kwa hiyo la 51 hadi la 100 hayana haja ya kuguswa. Anajaribu la 25: zima, kwa hiyo mpaka uko kati ya 26 na 50. Anajaribu la 38: bovu. Hapa ndipo penye mtego, kwani tayari amelishika toleo analolitafuta lakini hana njia ya kujua kwamba ndilo. Huenda la 37 nalo ni bovu. Basi analiweka la 38 kama mshukiwa na kuendelea upande wa chini: la 32 zima, la 35 zima, la 37 zima. Limebaki moja tu, la 38. Majaribio sita yametosha, na kwa matoleo 100 hayawezi kuzidi saba.

Ukisoma msimbo utaona kwamba pande mbili hazifanani: toleo likiwa bovu tunaandika `juu = kati`, likiwa zima tunaandika `chini = kati + 1`. Tofauti hiyo ya moja ndiyo inayowaangusha wengi. Toleo zima haliwezi kuwa jibu, kwa hiyo tunalitupa lenyewe pamoja na yaliyolitangulia. Toleo bovu linaweza kuwa jibu, kwa hiyo lazima libaki ndani. Mtu akiandika `juu = kati - 1`, siku atakapojaribu toleo ambalo ndilo jibu atakuwa amelitupa kwa mkono wake mwenyewe, na programu inaweza kumwambia bila wasiwasi kwamba mkosaji ni toleo lililo zima. Akikosea upande wa pili na kuandika `chini = kati`, mwishoni yatabaki mawili, 37 na 38. La kati litakuwa 37, litaonekana zima, na `chini` itabaki 37 milele. Kompyuta itazunguka pale pale hadi mtu aisimamishe.

Watumiaji wa Git, programu ya kuhifadhi historia ya msimbo, wamerahisishiwa kazi hii. Wanaanza na `git bisect start`, wanataja hali mbovu kwa `git bisect bad` na nzima ya zamani kwa `git bisect good`, kisha Git yenyewe inawaletea badiliko la katikati walijaribu. Kwa mabadiliko 1,000, majaribio ni kama 10. Badiliko lisilowezekana kujaribiwa, labda kwa sababu programu haijengeki, hurukwa kwa `git bisect skip`.

Lakini hakuna amri inayoweza kuokoa swali linalojibiwa vibaya. Hitilafu nyingine hujitokeza mara moja moja, tuseme nusu ya mara unazojaribu. Ukijaribu toleo la 50 mara moja na kwa bahati likapita, utaandika kwamba ni zima. Kuanzia hapo unatafuta kati ya 51 na 100, ambako yote ni mabovu, na kila jaribio linalofuata likionyesha ubovu, jibu litakuja kuwa 51. Hakuna hatua itakayokurudisha ulikotoka. Dalili ni kwamba mshukiwa ameangukia mara tu baada ya toleo ulilosema ni zima, na kila kilichofuata kikawa bovu. Lirudie la 50 mara kadhaa. Likianguka hata mara moja, uongo umegundulika. Ukiona hitilafu, umeiona. Usipoiona, jaribu tena: kwa hitilafu ya nusu kwa nusu, kupita mara tano mfululizo kwa bahati hutokea mara moja tu katika 32.

Swali hilo la mpaka ndilo linalofungua pia orodha iliyozungushwa. Kuna vifaa vinavyohifadhi kumbukumbu kwenye nafasi chache. Zikijaa, rekodi mpya inaandikwa juu ya ya zamani kuliko zote. Baada ya muda nafasi nane zinaweza kuwa na nyakati hizi:

```
41 47 52 60 12 19 28 35
```

Hazikupangwa, ila zimekatwa mahali pamoja. Uliza: je, wakati huu hauzidi ule wa mwisho, 35? Majibu ni hapana mara nne, kisha ndiyo mara nne. Ukihesabu nafasi kuanzia 0, ya 3 ina 60: hapana. Ya 5 ina 19: ndiyo. Ya 4 ina 12: ndiyo. Mkato uko nafasi ya 4, nako ndiko rekodi ya zamani zaidi iliko. Ukitaka sasa kuitafuta 28, haizidi 35, kwa hiyo iko kati ya nafasi ya 4 na ya 7, sehemu ambayo imepangwa barabara.

Shida huja nyakati zikirudiwa. Katika `35 35 35 12 35`, nafasi ya kwanza inajibu ndiyo, na mfululizo wa hapana na ndiyo umevunjika. Ukikuta ya kati inalingana na ya mwisho, huwezi kujua mkato uko upande gani. Unachoweza ni kuiacha ile ya mwisho na kusogea nafasi moja, na orodha ikijaa namba zinazofanana utaishia kuzipitia karibu zote. Kwa kumbukumbu za kifaa, kinga ni kuipa kila rekodi namba ya mfululizo pamoja na wakati wake, na kulielekeza swali kwenye namba hiyo, kwa sababu rekodi mbili haziwezi kuwa na namba moja.