Kadi ya mpishi: mandazi 300, karai moja, na jinsi ya kumaliza bila kuungua

BWERA, Uganda – Jerikeni ya mafuta inayouzwa dukani Bwera au kushushwa kwenye lori Kasese haimalizii safari yake sokoni. Nyingine huishia katika jiko la shule ya msingi, mahali ambapo mpishi mmoja na msaidizi wake wanakaanga mandazi ya watoto wa shule nzima kabla kengele ya mapumziko haijalia. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inawaachia wazazi jukumu la kumlisha mtoto, kwa hiyo chai na andazi hutegemea michango yao, na mafuta hununuliwa kwa kubana. Anayeuza mafuta, unga wa ngano au makarai kati ya Kasindi na Mpondwe ana sababu ya kujua kinachotokea baada ya mauzo.

Kinachotokea hakina siri. Mpishi anaona saa imekwenda, anajaza karai, mafuta yanapoa, anaongeza kuni. Mandazi ya mwisho yanatoka, karai inabaki na mafuta machache juu ya moto mkubwa kuliko wakati wote wa asubuhi. Hapo ndipo moshi unapotoka, na hapo ndipo mtu anapoamua kuibeba karai kuiondoa motoni. Ajali ya mafuta jikoni si lazima ije katikati ya kazi. Inaweza kuja mwishoni, mtu anapodhani amemaliza.

Ndiyo maana kadi ya kubandika ukutani, yenye mistari michache iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kikonzo, ina maana kuliko onyo la jumla la “kuwa mwangalifu”. Kadi inampa mpishi namba za kuhesabu. Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 300, kila mtoto andazi moja.

Andazi lisilokaangwa la ukubwa wa kawaida lina gramu 60 hivi. Mara 300 ni kilo 18 za donge, kazi ya takriban kilo 10 za unga pamoja na maji au maziwa, sukari na mafuta kidogo. Karai ya kuanzia iwe pana na yenye kina, na lita 10 za mafuta ndani yake. Mafuta yasipite nusu ya kina cha karai, kwa sababu donge likiingia yanapanda, na maji yaliyo ndani ya donge yanageuka mvuke na kuyainua zaidi. Karai ikiwa fupi mno kwa lita hizo, dawa ni kupunguza mafuta na idadi ya mandazi pamoja.

Sasa mkupuo, yaani idadi ya mandazi yanayoingia kwa mara moja. Kanuni inayofaa kukumbukwa ni hii: kila kilo moja ya donge iwe na lita saba au nane za mafuta. Kwa lita 10, kilo moja na robo au zaidi kidogo, ambayo ni mandazi 22. Yakiingia 40, joto linaporomoka, donge linanyonya mafuta badala ya kuiva, na mpishi anakimbilia kuni. Mfanyabiashara ataiona hasara hiyo upesi: andazi lililokaangwa vizuri hunyonya kama gramu 10 za mafuta kwa kila gramu 100 za donge, kwa hiyo kilo 18 zitakula karibu lita mbili. Mafuta yakiwa baridi zinakwenda zaidi ya hapo, na watoto wanapewa mandazi mazito yanayolowesha karatasi.

Mandazi 300 kwa 22 ni mikupuo 14, wa mwisho ukiwa na mandazi 14 tu. Kila mkupuo unahitaji dakika nne motoni na mbili za kuruhusu mafuta yapate joto tena. Jumla ni dakika 84. Ukiongeza mapumziko matatu ya dakika tano, unapata dakika 99. Kwa kengele ya saa nne na nusu, moto uwashwe saa mbili kamili na mkupuo wa kwanza uingie saa mbili na nusu. Kazi itaisha saa nne na dakika tisa, na mandazi yatapata dakika ishirini za kupoa kabla ya kufika kwenye vidole vya watoto wa darasa la kwanza. Mpishi anayeanza saa tatu hawezi kuikamilisha hesabu hii kwa karai moja, na kumhimiza afanye haraka ni kumtuma kwenye moto. Aongezewe jiko la pili au mandazi yapungue.

Kuhusu joto, mandazi hupenda nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Majiko mengi ya shule hayana kipimajoto cha mafuta, na kadi haipaswi kujifanya kwamba kipo. Kipimo cha kwanza ni kipande cha donge cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado. Kikizama kidogo kisha kikapanda baada ya sekunde mbili tatu, kimezungukwa na vipovu vidogo, mafuta yako tayari. Kikigeuka kahawia papo hapo, mafuta yamepita kiasi. Kipimo cha pili kinaendelea kazi nzima: ukigeuza andazi baada ya dakika mbili, upande wa chini uwe na rangi ya dhahabu iliyoiva. Ukiwa kahawia ndani ya dakika moja, ganda litaiva na moyo utabaki mbichi, kwa hiyo vuta ukuni mmoja. Ukiwa mweupe baada ya dakika tatu, tatizo ni wingi wa mandazi kabla ya kuwa uchache wa kuni.

Aina ya mafuta inabadilisha mambo, na hapa muuzaji ndiye anayejua. Mafuta ya mawese mekundu, yasiyosafishwa, huwa na unyevunyevu na chembechembe, hutoa povu na kuanza kutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa. Ni mazuri kwa mchuzi, si kwa karai ya mikupuo 14. Mawese yaliyosafishwa yanahimili zaidi, ila asubuhi ya baridi inayoteremka kutoka Ruwenzori huweza kuyagandisha. Yakiwa yameganda, yayeyushwe kwa moto mdogo kabisa, kwa sababu sehemu ya chini inaweza kuungua wakati juu bado ni jiwe. Anayeuza jerikeni isiyo na lebo, yenye mchanganyiko wa mafuta mapya na yaliyokwisha kukaangia, anamuuzia mpishi kitu ambacho kitatoa moshi wakati asioutarajia.

Tukirudi kwenye mapumziko matatu: yanakuja baada ya mkupuo wa nne, wa nane na wa kumi na mbili. Wapishi wengi watayaona kama kupoteza muda, lakini ndiyo yanayoifanya hesabu iende. Katika dakika hizo karai haina mandazi. Mpishi anavuta kuni mbili nje, anaopoa makombo kwa kijiko cha matundu (makombo yakiungua yanaharibu mafuta yote), anaongeza nusu lita kufidia yaliyonyonywa, msaidizi anafuta mafuta yaliyomwagika sakafuni na kuangalia kama kamba ya kuzuia watoto bado iko mahali pake. Karai itikiswe kidogo kwa kijiti kirefu: ikicheza juu ya mafiga, irekebishwe baada ya mafuta kupoa, si sasa, na kazi isimame mpaka hapo. Kisha kuni zinarudi, punje ya donge inapimwa tena, na mkupuo unaofuata unaingia.

Pumziko la tatu lina amri moja zaidi: kuanzia hapo hakuna ukuni mpya. Imebaki mikupuo miwili, na wa mwisho ni mdogo. Makaa yaliyopo yanatosha.

Kadi yenyewe inaweza kuandikwa hivi, kwa herufi kubwa, na kufunikwa kwa plastiki:

Mafuta lita 10, yasipite nusu ya karai. Mfuniko mkavu unaoziba karai yote uko mkononi mwa kulia. Kamba imefungwa hatua tatu kutoka jikoni.
Punje ya donge inapanda kwa sekunde mbili tatu: anza.
Mandazi 22, yaingizwe kutoka ukingoni, yasitupwe. Geuza dakika ya pili, opoa dakika ya nne, subiri dakika mbili.
Baada ya 4, 8 na 12: simama dakika tano. Vuta kuni, opoa makombo, ongeza nusu lita, futa sakafu.
Baada ya 12: hakuna ukuni mpya.
Moshi: vuta kuni zote, usiingize chochote, subiri.
Moto ndani ya karai: funika, vuta kuni, ondoka. Maji hapana. Kuibeba hapana.
Karai haitoki jikoni mpaka mafuta yapoe. Usiguse kabla watoto hawajamaliza chakula cha mchana.

Mstari wa maji unastahili maelezo, kwa kuwa ndoo ipo katika kila jiko na mkono unaikimbilia wenyewe. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanazama chini, yanageuka mvuke kwa kishindo na kujitanua mara elfu moja na mamia kadhaa, na mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka juu ya paa na juu ya watu. Mfuniko unafanya kazi kwa kuunyima moto hewa, na usifunguliwe kuchungulia.

Sababu hiyo hiyo inahusu muhogo, ambao shule nyingine hukaanga badala ya mandazi. Muhogo uliochemshwa na kutupwa ndani ukiwa unatiririka maji utaifurisha karai hata kama joto ni sahihi. Uchujwe, utandazwe mpaka ukauke juu, na mkupuo wa kwanza uwe nusu ya kawaida ili kuona povu linapanda hadi wapi. Chumvi ya Katwe inyunyizwe kwenye sinia, si juu ya karai: huwa na unyevu, na chumvi inayachosha mafuta upesi.

Aliyeungua apelekwe kwenye maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Nguo zenye mafuta zitolewe, isipokuwa zilizoshika kwenye ngozi. Dawa ya meno, siagi na yai haviwekwi. Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kilicho usoni, mikononi au kwa mtoto mdogo, ni cha hospitali. Kwa upande huu wa mpaka, iliyo karibu ni Hospitali ya Bwera.

Alasiri, mafuta yakiwa yamepoa kabisa, yachujwe kwa kitambaa safi na kufungwa kwenye chombo kikavu mbali na jua. Kati ya lita 10 za asubuhi na moja na nusu zilizoongezwa, zibaki karibu lita tisa na nusu. Zikibaki nane, mpishi aangalie mkupuo wake kabla ya kumshuku mtu yeyote kwa wizi. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayonata, yenye povu laini lisiloshuka au yanayotoa moshi kabla punje ya donge haijapanda yasirudishwe karaini, wala yasiuzwe tena kwa jerikeni.