Watatu kati ya wanane: uteuzi au mpangilio?

Tuseme mwanafunzi wa Litein, Kaunti ya Kericho, amepiga picha swali la hesabu kwa simu na kumtumia mwenzake aliyeko Bomet: wakulima wanane wa kituo kimoja cha kununulia majani chai wanataka kuteua watatu miongoni mwao. Kuna njia ngapi?

Mwenzake hana budi kuuliza kwanza iwapo picha imeonyesha swali zima. Ikiwa mstari uliokatwa chini unasema watatu hao watakuwa mwenyekiti, katibu na mhazini, huo ni mpangilio. Cheo cha kwanza kina watu 8, cha pili 7, cha tatu 6, nayo 8 × 7 × 6 ni 336.

Wakiwa wajumbe tu wasio na vyeo, ni uteuzi. Katika ile 336, watatu walewale wamehesabiwa mara 6, kwani watu watatu hupangika kwa njia 3 × 2 × 1. Gawanya kwa 6, utapata 56.

Ili kutambua, badilishana majina mawili. Kamati ikiwa si ileile tena, usigawanye.

Wengi huteleza swali linapochanganya yote mawili, mathalani mwenyekiti mmoja na wajumbe wawili. Hapo fomula iliyokaririwa haifui dafu. Mwenyekiti hupatikana kwa njia 8. Wajumbe wawili kati ya 7 waliosalia ni 7 × 6 ÷ 2, yaani 21. Zidisha 8 kwa 21, upate 168. Anayetaka kuhakiki aanzie kwenye yale makundi 56: katika kila moja, yeyote kati ya watatu aweza kuwa mwenyekiti, na 56 × 3 ni 168 vilevile.