Jiko la Mahindi Upande wa Kushukia

Abiria anayeshuka daladala Mbagala saa moja jioni ana njaa, na haraka ya asubuhi imemtoka. Huyo ndiye mteja wa mahindi ya kuchoma. Anayepanda anagombania siti. Hata akitamani, hasimami. Ndiyo maana mchomaji anayejua kazi huweka jiko upande wa kushukia, hatua kadhaa kutoka magari yanaposimama, kwenye njia ya kuelekea mitaani. Akijibana penye mlango wa gari, watu watamsukuma na makaa yataunguza mtu. Huangalia na upepo pia: harufu iwafikie wanaoshuka, moshi usiwaingie machoni.

Kazi yenyewe huanzia sokoni. Menya ganda kidogo, kisha bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe kama maziwa, chukua. Ikitoa maji matupu, hindi ni changa na litanywea motoni. Ikiwa ngumu na ya unga unga, mteja atatafuna hadi taya zimuume. Maganda yaache mpaka wakati wa kuchoma, kwani hindi likishavunwa utamu wake hupungua siku hadi siku, na likimenywa hukauka upesi.

Jiko liwashwe mnamo saa kumi, ili watu wakianza kumiminika makaa yawe yameshika vizuri, mekundu yenye majivu juu, bila mwali. Mwali hubabua punje nje na kuziacha mbichi ndani.

Hapa ndipo wageni wa kazi hukosea: huchoma mengi yakaiva kabisa kabla watu hawajafika. Hindi lililoiva likipoa huwa gumu. Lakini ukianza na bichi mteja akiwa amesimama, dakika kumi hatazingoja. Dawa ni kuchoma nusu. Yageuze mpaka punje zibadilike rangi, kisha yasogeze pembeni penye joto dogo. Mteja akifika, rudisha moja katikati, pepea, ligeuze dakika mbili tatu, lipake ndimu, chumvi na pilipili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mahindi 40 kwa shilingi 300 ni 12,000, mkaa 2,000, ndimu, chumvi na pilipili 500. Jumla 14,500. Ukiuza hindi shilingi 500, yale 29 ya kwanza yanarudisha mtaji tu. Faida yote, shilingi 5,500, imo katika 11 ya mwisho, yale yanayouzwa usiku kituo kikianza kupwaya. Yakibaki sita, unabaki na 2,500.

Kwa hiyo ikikaribia saa tatu, mchomaji mzoefu huyakata hayo sita vipande viwili viwili na kuuza kila kipande shilingi 200. Anapata 2,400, na faida ya siku inafika 4,900. Wanunuzi wake saa hiyo ni makonda wanaomaliza zamu, wanaotaka kitu cha moto cha kutafuna wakielekea kulala.