Televisheni Inayokoroma Sauti Ikipandishwa

Mafundi wengi wakiletewa televisheni inayokoroma, jibu huwa liko tayari mdomoni: spika zimekufa, tubadilishe. Huenda wakawa wamesema kweli. Lakini televisheni yenye spika nzima kabisa inaweza kutoa mkoromo ule ule, katika kiwango kile kile cha sauti, kwa sababu tu ya mpangilio ulioachwa vibaya kwenye menyu au king'amuzi kilichopandishwa hadi mwisho. Sikio la kawaida haliwezi kutofautisha mambo hayo mawili kwa kusikiliza mpira peke yake. Linaweza kufanya hivyo likijua lisikilize nini.

Spika ya televisheni bapa ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ina koni ya karatasi au plastiki, na kwenye ukingo wake kuna mpira au sponji laini inayoiruhusu kucheza. Nyuma ya koni imebandikwa koili ya waya mwembamba, nayo inaelea ndani ya mwanya mdogo sana wa sumaku. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma, koni huifuata, na hewa iliyo mbele yake hutikisika. Sauti nyembamba huitikisa koni kidogo mno. Besi ndiyo inayoisogeza mbali. Ndiyo maana matatizo karibu yote ya spika hujitokeza kwanza kwenye ngoma, kwenye gitaa la besi na kwenye sauti nzito za wanaume, kisha ndipo hufika kwenye mengine.

Kabla ya spika kuna ampli, na ampli ina kikomo chake. Televisheni nyingi ndogo huilisha ampli hiyo umeme wa volti 12 hivi, na spika zake huandikwa nyuma 8Ω, yaani omu 8. Ukifanya hesabu, kila upande hauwezi kutoa zaidi ya wati 9 zikiwa safi. Ukiidai zaidi ya hapo, ampli haina pa kuzitoa, kwa hiyo hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Wimbi lililokatwa kilele husikika kama mpasuko mkavu na mkali, na hilo ndilo watu wanaloliita spika kupasuka ingawa spika yenyewe haina kosa.

Sasa nenda kwenye menyu ya sauti uangalie sehemu ya Equalizer. Mtu akipandisha besi hadi +10, anadhani ameongeza utamu kidogo. Alama hizo kwa kawaida ni desibeli, na desibeli 10 maana yake ni nguvu mara kumi. Mahali ambapo besi ilihitaji wati 1, sasa inahitaji 10, na ampli yetu imeishia 9. Mpangilio huo huo ukisikilizwa usiku kwa sauti ya chini hauna neno, hata unapendeza. Mchana feni zikiwaka na wateja wakipiga soga, sauti ikipandishwa, mpasuko unaanza. Kwa maoni yangu, Bass Boost kwenye spika za ukubwa huo ni mapambo ya menyu tu, kwa sababu koni ndogo hivyo haiwezi kutoa besi nzito hata ukiilazimisha. Inachoweza ni kuteseka.

Kuna sehemu ya pili ambako sauti huharibika, nayo husahauliwa kwa sababu iko nje ya televisheni. King'amuzi kina kidhibiti chake cha sauti. Kikiunganishwa kwa waya za AV, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe, sauti huingia televisheni kama umeme wa kawaida unaopanda na kushuka. King'amuzi kikiwekwa mwisho kabisa, baadhi ya televisheni huzidiwa mlangoni pale pale, na mawimbi hukatwa kabla hayajafika kwenye ampli. Dalili yake ni ya kipekee: mpasuko unabaki hata ukipunguza sauti kwa rimoti ya televisheni. Unakuwa mdogo, lakini haukomi. Spika iliyochoka hufanya kinyume, kwani ukipunguza sauti hutulia.

Kinyozi mmoja wa Manzese alikuwa na televisheni ya inchi 32 ambayo ikipita namba 30 ilikoroma hadi wateja wanageuka. Alikwisha kuambiwa anunue spika mbili. Kabla ya kununua, tuliweka flashi yenye nyimbo kwenye tundu la USB, tukaruka king'amuzi kabisa. Nyimbo zilipanda safi hadi karibu 45. Hapo jambo moja likawa wazi: mkoromo wa kwenye 30 haukuwa wa spika, kwa kuwa spika zile zile zilikuwa zinavuka 30 bila shida.

Tukarudi kwenye king'amuzi. Sauti yake ilikuwa imejaa. Tulipoishusha hadi kama theluthi mbili na kupandisha ya televisheni kufidia, mtangazaji akasikika vizuri. Kisha tukafungua menyu na kukuta mstari wa 100Hz kwenye Equalizer uko juu kabisa, na Surround imewashwa. Tulirudisha mstari kwenye 0 na kuzima Surround. Nyimbo za kwenye flashi sasa zikafika 60 bila mpasuko mkavu ule.

Lakini palibaki kitu. Kila besi ilipoingia, ulisikika mlio wa kukwaruza, kama mdudu aliyefungiwa kwenye kiberiti. Huu haukuwa mkali kama ule wa kwanza, na haukuja kwenye kila kelele kubwa. Ulikuja kwenye noti fulani tu. Hapo ndipo kidhibiti cha Balance kinapofanya kazi. Tulipeleka sauti yote kulia: kimya, wimbo safi. Tukapeleka yote kushoto: mkwaruzo ukajitokeza wenyewe. Mpangilio mbaya kwa kawaida huumiza pande zote mbili sawasawa, kwa kuwa sauti ya kushoto na ya kulia hupitia menyu ile ile. Upande mmoja ukilia peke yake, shuku kitu kinachoshikika kwa mkono.

Kitu hicho si lazima kiwe spika. Plastiki ya nyuma ya televisheni ikilegea skrubu moja, hutetema kwa besi na kutoa mlio unaofanana sana. Bonyeza plastiki karibu na spika kwa kiganja wakati wimbo unapigwa. Mlio ukikatika, kaza skrubu na habari imeisha. Waya wa spika ukigusa koni nao hutetema hivyo hivyo. Pale saluni, kubonyeza hakukubadilisha chochote.

Kufungua ni kazi ya mwenye uzoefu. Televisheni bapa hubaki na umeme wa mamia ya volti kwenye kapasita kubwa ya ubao wa pawa hata baada ya kuchomolewa, na ile ya zamani yenye mgongo ina hatari kubwa zaidi, maelfu ya volti, hivyo hiyo isiguswe na mtu asiyejua. Fundi akishafungua, kipimo kinachomaliza ubishi hakihitaji hata mita. Anazima, anabadilishana plagi za spika, ya kushoto inakwenda kulia na ya kulia kushoto, kisha anapiga wimbo ule ule. Mkwaruzo ukihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu. Ukibaki upande ule ule ingawa spika imebadilishwa, kosa liko kwenye ampli au kwenye ubao, na spika mpya ingekuwa hela ya bure. Kwa kinyozi, mkwaruzo ulihama.

Nimeona mafundi wakitegemea multimita hapa, na ni vema kujua inaishia wapi. Spika ya omu 8 ikipimwa kwa multimita husoma kama 6 au 7, na hiyo ni sawa. Ikisoma kwamba njia imekatika, koili imeungua na spika haitatoa sauti yoyote. Spika inayokwaruza, hata hivyo, husoma vizuri kabisa, kwa sababu waya haujakatika. Koili imehama kidogo au imevimba kwa joto, na inasugua ukuta wa mwanya wa sumaku. Hiyo utaijua kwa vidole: sukuma koni polepole, vidole viwili vikiwa pande mbili zinazokabiliana ili isiende upande. Nzima hurudi kimyakimya. Inayosugua utaisikia, na hata utaihisi ikikwama. Ukingo uliochanika nao utauona kwa macho.

Ile ya kushoto ilikuwa inasugua. Na hapa mambo mawili yanakutana, kwani mawimbi yaliyokatwa vilele hubeba joto zaidi kuliko sauti safi, na koili nyembamba ikipikwa hivyo kutwa nzima, gundi hulegea na waya huvimba. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichoiua, lakini kubadilisha spika huku +10 ikiachwa palepale kungeirudisha televisheni kwa fundi.

Kwenye kununua, namba mbili za nyuma ya spika ndizo za kuangalia. Omu lazima zilingane: ukiweka ya omu 4 mahali pa 8, itavuta umeme mara mbili kwa sauti ile ile, na ampli itapata joto au itajizima katikati ya wimbo. Wati zikizidi kidogo hakuna ubaya, zisipungue tu. Umbo nalo liangaliwe, maana spika za televisheni mara nyingi hukaa ndani ya kijumba cha plastiki, na kinachofaa zaidi ni kijumba cha modeli ile ile, hata kikiwa kimetoka kwenye televisheni iliyovunjika kioo. Kinyozi alipata cha namna hiyo. Alibadilisha upande mmoja.

Dalili moja zaidi isichanganywe na hizi. Kama sauti ikipanda na mwanga wa kioo unafifia kila ngoma inapogonga, au televisheni inajizima na kujiwasha, usihangaike na menyu wala spika. Ubao wa pawa unashindwa kulisha, na kapasita zilizovimba juu ndizo za kutazamwa kwanza. Sauti inayokatikakatika katika kiwango chochote, hata cha chini, nayo ni jambo jingine. Ikitoka kwenye HDMI, jaribu kubadilisha sauti ya king'amuzi iwe PCM.

Hata ikiwa na spika mpya na menyu safi, televisheni ile haitajaza saluni yenye mashine tatu za kunyolea. Wati 9 kila upande zimeishia hapo. Anayetaka kelele kuliko hiyo achukue waya kutoka tundu la hedifoni apeleke kwenye sabufa, aache televisheni ipate namba ya katikati na sabufa ndiyo ifanye kazi ya kupandisha. Nayo ikianza kupasuka, ashushe kwanza sauti ya televisheni, maana tundu la hedifoni likijazwa sana linaweza kuizidi sabufa mlangoni kama king'amuzi kilivyoizidi televisheni.