Keki ya Sukari Pungufu Inayochambuka

Anayetaka kupunguza sukari kwenye keki kwa kawaida hufanya jambo moja tu: anapima nusu ya sukari aliyoizoea, anaacha vingine vyote kama vilivyo, kisha anaokea. Inayotoka ni keki nyeupe juu, iliyopasuka katikati, iliyoshikana ndani, na kesho yake imekauka hadi haimezeki bila chai. Lawama zote huangukia sukari iliyopungua, na kipimo cha zamani kinarudi jikoni. Kumbe robo ya sukari inaweza kuondolewa bila mlaji kushtuka, mradi mpishi ajue sukari ilikuwa inafanya kazi gani zaidi ya kutia utamu, na ni kitu gani kitashika zamu yake.

Mfano mzuri ni keki ya siagi ya vipimo sawa, ile inayopikwa nyumba nyingi kwa sikukuu na kwa chai ya jioni: siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, mayai 5, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, iliki au vanila. Ikikatwa vipande 12, kila kipande kina karibu gramu 21 za sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na unasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Kipande kimoja tu kinakaribia kiwango hicho cha chini.

Kazi ya kwanza ya sukari katika keki hii huanza kabla moto haujawashwa. Inapopigwa pamoja na siagi, chenga zake huchimba mafuta na kuacha vijishimo vya hewa. Bekingi pauda haitengenezi vijishimo vipya, bali inavipanua vilivyopo. Chenga zikipungua, hewa nayo inapungua, na keki inatoka nzito. Dawa yake ni ukubwa wa chenga. Sukari nyingi ya madukani ni ya chenga kubwa. Ikizungushwa kwenye blenda kwa sekunde chache, gramu zilezile zinatoa chenga nyingi zaidi. Isisagwe hadi ikawa vumbi, kwa sababu vumbi halichimbi siagi. Ikishikwa kwa vidole, isikike bado kama mchanga laini. Siagi yenyewe ibonyee kwa kidole bila kung'aa mafuta. Iliyoyeyuka kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa haishiki hewa hata ikipigwa vipi, na hapo ni afadhali irudi kwenye friji kwa dakika chache. Ipigwe hadi rangi yake ya njano ikaribie kuwa nyeupe.

Kazi ya pili inahusu maji. Sukari hupenda maji, huyavuta na kuyashikilia. Ndani ya rojo huyanyima protini za unga, zile zinazofanya donge la chapati livutike, na kwa hiyo keki inabaki laini. Vilevile huchelewesha wanga kuiva na mayai kuganda, na huko kuchelewa ndiko kunakoipa keki nafasi ya kuumuka kabla haijasimama. Sukari ikipungua, mambo haya hugeuka: unga hushikana haraka, kingo na uso hukauka mapema, na rojo la katikati, ambalo bado linaumuka, hutafuta njia ya kutokea juu. Hapo ndipo mpasuko unapotoka.

Sasa vipimo vipya. Badala ya gramu 250 za sukari, ziwekwe 160 pamoja na gramu 30 za asali, ambazo ni kama kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ziongezwe vijiko vitatu vya chakula vya mtindi, kwa kuwa sukari iliyotolewa ingeyeyuka na kuwa sehemu ya umajimaji wa rojo, pamoja na vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga. Kwa sababu asali na mtindi vina uchachu, itiwe pia robo kijiko cha chai ya magadi soda, isizidi, maana ikizidi ladha ya sabuni hujitokeza. Unga ukishaingia, uchanganywe taratibu kwa mwiko hadi usionekane mweupe tena, kisha mkono usimame. Asali nayo ni sukari, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu hivyo. Imo humu kwa sababu hushika unyevu na huwahi kugeuka kahawia kuliko sukari ya kawaida. Kwa jumla kila kipande kinabaki na kama gramu 15. Iliki ikiongezwa kidogo, pamoja na maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa na chumvi ya ncha ya kijiko, ulimi hauoni pengo kubwa.

Kwenye moto ndipo keki nyingi za aina hii huharibika, na chanzo ni macho. Mpishi amezoea kuitoa keki ikishakuwa na rangi ya dhahabu. Yenye sukari pungufu huiva mapema lakini hupata rangi kwa kuchelewa, kwa hiyo anayesubiri rangi anaikausha kwa mikono yake mwenyewe. Katika oveni ya nyuzijoto 170 ianze kuchunguzwa dakika 8 hivi kabla ya muda uliozoeleka. Kijiti kikitoka kikavu, uso ukibonyezwa ukarudi, na kingo zikianza kuachana na chombo, imeiva, hata kama juu bado ni hafifu. Maziwa ya unga husaidia rangi, kwa sababu sukari yake na protini zake hukutana kwenye moto na kutoa ule ukahawia wenye harufu. Njia nyingine ni kunyunyiza kijiko kimoja cha chai cha sukari juu ya rojo kabla ya kuokea: ni gramu 4 tu, lakini zinakaa palepale rangi inapohitajika. Anayeokea kwa mkaa ana nafuu, kwani dakika za mwisho anaweza kuongeza makaa juu ya mfuniko na kupunguza ya chini.

Kupunguza theluthi nzima kunawezekana kwa marekebisho hayohayo, ingawa keki itakuwa imeshikana kidogo na mwenye ulimi mwepesi atajua. Nusu ni hatua nyingine: inakaribia mkate, na ni heri kutafuta keki iliyojengwa tangu mwanzo juu ya ndizi mbivu au tende. Vitamu visivyo na sukari, kama vile stivia, huleta utamu tu. Havichimbi siagi, havishiki maji wala havitoi rangi. Na keki ya mayai yaliyopigwa povu bila siagi isiguswe sana, kwa sababu humo sukari ndiyo inayozuia povu lisivunjike.

Keki hii pia haikai siku nyingi. Sukari ikiwa chache, maji mengi hubaki huru kwa kuvu, na katika joto la pwani siku ya tatu tayari ni ya mashaka. Ifungwe vizuri ikishapoa kabisa na iliwe ndani ya siku mbili. Friji huiwahisha kuwa ngumu, kwa kuwa wanga hukakamaa upesi kwenye baridi hiyo. Itakayobaki ikatwe vipande, kila kimoja kifungwe peke yake na kiwekwe kwenye friza, kisha kitolewe saa moja hivi kabla ya chai.