Diski Inakufa: Tuanze na Nini?

Diski ya kompyuta yenye sahani zinazozunguka mara nyingi haifi ghafla. Huanza kwa kupunguza kasi. Diski yenye afya ya aina hiyo, ambayo bado imo katika kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa mitumba, husoma kama MB 100 kwa sekunde. Ikianza kuugua hushuka hadi MB 5, kisha MB 1, kisha hainyanyuki tena. Piga hesabu: diski ya GB 500 ikisomwa kwa MB 100 kwa sekunde, kazi yote huisha kwa saa moja na nusu hivi. Ikisomwa kwa MB 5, inahitaji karibu saa 28. Fundi gani atakuhakikishia kwamba diski hiyo itaishi saa 28 nyingine?

Kwa hiyo, kabla ya programu yoyote, lazima ipangwe foleni ya nini kitoke kwanza. Hapo ndipo wengi wanapopoteza vitu vyao, kwa sababu foleni huipanga kwa kufuata moyo.

Nitaeleza kwa kisa cha mweka hazina wa kikoba kimoja mjini Mwanza. Kompyuta yake ilikuwa inachukua nusu saa kuwaka, na kila akifungua folda, kila kitu kilisimama. Programu ya kukagua afya ya diski ilionyesha namba kwenye mstari ulioandikwa `Current Pending Sector Count`. Mstari huo ukiwa sifuri, ni dalili njema. Ukiwa na namba, maana yake kuna vipande vya diski ambavyo imeshindwa kuvisoma na inasubiri kuamua ivifanye nini. Namba ikiwa inaongezeka kila ukiangalia, diski inakwenda.

Jambo moja lilimsaidia: diski haikuwa inagonga. Ukisikia mlio wa tik, tik, tik unaojirudia kwa mpigo ule ule, zima hapo hapo. Huo kwa kawaida ni mlio wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia bila kuipata, na kichwa kilichoharibika kinaweza kukwangua sahani yenye data. Hakuna programu inayotibu hilo. Kinachobaki ni maabara yenye chumba kisicho na vumbi, ambako diski hufunguliwa na vichwa kubadilishwa, kwa gharama ambayo aghalabu hupita bei ya kompyuta yenyewe. Hata hapo foleni inakusaidia: ukijua hasa unachokililia ni folda gani, utajua kama inafaa kulipia.

Nilipomuuliza tuanze na nini, hakusita: video za harusi. Zilikuwa GB 180. Halafu picha za marehemu baba yake, GB 12. Vitabu vya kikoba, yaani hisa, mikopo, marejesho na faini za wanachama, hakuvitaja mpaka nilipomuuliza. Pamoja na barua na mikataba vilikuwa MB 900. Kilichobaki kilikuwa muziki, filamu, vyeti vilivyopigwa skana na taarifa za miamala ya simu.

Mimi huuliza maswali matatu juu ya kila folda. La kwanza: kipo mahali pengine? Vyeti halisi vilikuwa kabatini kwake. Taarifa za miamala anaweza kuziomba upya kwa kampuni ya simu. Filamu ni filamu. Vyote hivyo vilitoka kwenye foleni. Video za harusi je? Mpiga video alipigiwa simu, naye alikuwa bado na kazi ile kwenye diski yake. Kwa simu moja tu, GB 180 zikarudi nyuma kabisa. Picha za baba zilipigwa kwa kamera ambayo kadi yake ilishafutwa na kutumika tena miaka mingi iliyopita. Nakala chache zilizokuwa kwa ndugu zilipitia WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguza ubora wa picha. Hizo hazikuwa na pengine. Vitabu vya kikoba vilikuwa na nusu ya pengine: kila mwanachama ana kitabu chake chenye mihuri ya hisa, hivyo hisa zingeweza kujengwa upya kwa jasho. Lakini mikopo na marejesho ya kila wiki yalikuwa ndani ya faili moja tu.

Swali la pili: kitachukua muda gani? Kwa kasi ya MB 5, MB 900 ni dakika tatu. GB 12 ni dakika 40. GB 180 ni saa kumi. Ukiziangalia hesabu hizo, ubishi wa moyo unapungua. Kuanza na vitabu vya kikoba kulimcheleweshea picha za baba yake kwa dakika tatu tu. Angeanza na harusi, angesubiri saa kumi kwenye diski ambayo kila saa inayowaka inaweza kuwa ya mwisho.

La tatu ndilo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: faili likipata jeraha, litabaki na nini? Picha ya kawaida ya JPEG ikipotewa na kipande kidogo katikati, mara nyingi sehemu ya juu huonekana vizuri na ya chini hugeuka kijivu au rangi zake hupotoka. Inauma, lakini uso wa mtu unaweza kuwa umebaki. Faili la Excel la aina ya `.xlsx` si hivyo. Ndani yake ni kifurushi kilichobanwa, na kipande kimoja kisichosomeka chenye baiti 4,096 kinaweza kulifanya faili zima ligome kufunguka. Kadhalika faili kubwa za programu za uhasibu. Kwa hiyo kumbukumbu za hesabu hutangulia mbele ya picha, hata kwa mtu anayezipenda picha zaidi. Ni ndogo, na ndizo zinazohitaji kusomwa wakati diski bado ina nguvu ya kutoa kila baiti.

Foleni ikawa hivi: kikoba, baba, halafu diski nzima kwa ujumla, harusi ikiwa humo ndani.

Sasa utekelezaji. Usiiwashe kompyuta ile kwa Windows yake yenyewe. Windows ikiwaka husoma na kuandika maelfu ya vitu ambavyo hukuviomba: masasisho, ukaguzi wa virusi, kumbukumbu za mfumo. Toa diski, uiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kifaa cha USB. Kama data ilifungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila huo, hata diski iliyo nzima haikufai. Kompyuta ikikuambia kuna tatizo kwenye diski na kujitolea kulirekebisha, kataa. Ukarabati huo, `chkdsk`, umekusudiwa kunyoosha mpangilio wa faili, na hufanya hivyo kwa kuandika juu ya diski ile ile. Kwenye diski inayokufa unaweza kufuta majina na njia za faili ambazo bado zilikuwa zinasomeka.

Usifungue pia folda ya picha ili kuchagua. Kompyuta ikionyesha picha ndogondogo kwenye dirisha, inalazimika kuisoma kila moja, na unakuwa umeitumia pumzi ya diski kwa kutazama badala ya kunakili. Weka mwonekano wa orodha ya majina tu.

Kunakili kwa kuburuta folda na kipanya kuna hasara yake: faili moja likigoma, kazi nzima husimama ikikusubiri ubonyeze kitu. Windows ina amri iitwayo `robocopy`, lakini ukiiacha kama ilivyo, itarudia faili lililogoma mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Iambie isirudie kabisa. Hapa D ni diski mbovu na E ni diski mpya:

```
robocopy D:\Kikoba E:\Okoa\Kikoba /E /R:0 /W:0 /XJ
```

Itaruka kinachogoma na mwisho itakuonyesha idadi ya vilivyoshindikana, chini ya neno `FAILED`. Hivyo virudie baadaye, baada ya foleni kuisha. Diski ya kupokea nayo iandaliwe mapema. Fleshi nyingi zina mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia GB 4, na utagundua hilo katikati ya kazi.

Vitabu vya kikoba vikatoka vyote. Kabla ya kuendelea tulivifungua kutoka kwenye diski mpya na kutazama jumla za mwisho, kwa sababu faili kuonekana kwenye folda si ushahidi kwamba linafunguka. Picha za baba zikafuata, chache zikiwa na kijivu chini.

Hapo tu ndipo tulipoanza kunakili diski nzima, kwa Linux:

```
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map
```

Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwamba `/dev/sdb` ndiyo diski mbovu. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye matatizo, na huandika kwenye `diski.map` ilikofika, hata umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Baadaye unaweza kuirudisha na `-r3` badala ya `-n`, ijaribu tena yale maeneo magumu.

Wako mafundi wanaosema hatua hii ndiyo iwe ya kwanza daima, nao wana hoja nzito. Kunakili faili moja moja hukilazimisha kichwa cha kusomea kurukaruka huku na huku, na kunakichosha kuliko kusoma moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Nakubaliana nao pale mwenye diski hajui anachotaka, au anataka vingi vilivyotawanyika. Lakini mtu akiwa na orodha fupi isiyozidi GB chache, na kasi imeshuka kama ile, mimi huchukua orodha kwanza. Kwa mweka hazina yule, diski iliacha kuitika kabla ya nusu ya kazi. Tungeanza na diski nzima, huenda tungebaki na faili ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwa diski zisizo na sahani, zile za SSD, dalili ni chache zaidi: nyingi hupotea ghafla bila mlio wala kupungua kasi, na kilichofutwa humo kwa kawaida hakirudi. Ikibahatika bado inasoma, foleni ni ile ile, ila fanya haraka zaidi.

Nawaomba wenye kompyuta jambo moja. Kabla hujamkabidhi fundi mashine yako, mwandikie karatasi yenye majina ya folda tatu kwa mpangilio, zilipo, na ukubwa wake kama unaujua. Mwambie asiguse kingine mpaka hizo tatu zifunguke kwenye diski mpya mbele yako, na asiweke Windows upya kabla ya hapo.