Ng'ombe Mmoja na Kizingiti cha Akiba

Mwaka 2007 shirika la BRAC liliwapa wanawake mafukara wa vijijini Bangladeshi mali ya kuzalisha, wengi wao ng'ombe, pamoja na mafunzo ya ufugaji. Wengi waliishi kwa vibarua vya shambani na kazi za ndani.

Tuseme kibarua kinaleta taka 100 kwa siku na chakula kinagharimu 100 hizohizo. Hapo hakuna akiba, hata mwenye nyumba awe mbanizi namna gani. Mtoto akiugua, kuku anauzwa, na kaya inarudi palepale. Sasa aje ng'ombe wa maziwa: anaongeza 40, majani na dawa vinakula 15. Zile 25 zinazobaki zinawekwa, zinanunua ndama, na ndama analeta ziada nyingine, hadi kaya itulie kwenye hali ya juu kuliko ya awali.

Lakini si wote walivuka. Wachumi waliofuatilia kaya hizo kwa miaka 11 waliona njia panda. Waliokuwa tayari na vitu vidogo, kama banda au mkokoteni, walizidi kupanda. Wasiokuwa na chochote walibaki chini ya kizingiti hata baada ya kupewa ng'ombe, na mali yao ikapungua tena.

Kwa hiyo ukubwa wa msaada ndio unaoamua. Kiasi kilekile kikigawanywa vipande vidogo vya kila mwezi, huenda kikaliwa chote kabla ya kununua hata mbuzi.